Darasa Limejaa, Barabara Imejaa

Kila Januari shule zinapofunguliwa, wazazi wengi huuliza swali lilelile. Mwaka jana yalijengwa madarasa, mwaka juzi pia, michango ilitolewa na fedha za Serikali zikaja, mbona watoto bado wamebanana kwenye madawati? Miaka kumi na moja baadaye wazazi haohao wana swali jingine: mtoto amesoma, cheti anacho, mbona anashinda kijiweni? Swali la tatu huulizwa kwa sauti ya chini, hasa baada ya siku ambayo mabomu ya machozi yamerindima mjini: wingi huu wa vijana hautatuvuruga siku moja?

Maswali haya huulizwa kana kwamba ni ya watu watatu tofauti, mmoja wa elimu, mmoja wa ajira na mmoja wa siasa. Ukweli ni kwamba yanamhusu mtu mmoja, anapokuwa na miaka saba, kisha kumi na minane, kisha ishirini na mitano. Ndiyo maana sura hii inayajibu pamoja, na jibu lake linapingana kidogo na hofu iliyozoeleka. Wingi wa vijana peke yake hauleti vurugu. Kinacholeta vurugu ni kupanua mlango wa shule bila kupanua mlango wa kazi, halafu kumfukuza kijana hata pale alipojitafutia nafasi mwenyewe. Ushahidi mzuri wa jambo hili uko Nyanda za Juu Kusini, katika miji miwili ya Mbeya na Iringa, kati ya mwaka 2011 na 2013.

Vijana wote hawa wametoka wapi?

Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu Watanzania wapatao milioni 12.3. Ya mwaka 2022 iliwahesabu 61,741,120. Wengi hudhani sababu ni kwamba wanawake wa siku hizi wanazaa zaidi ya bibi zao, lakini ni kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa wastani wa watoto zaidi ya sita katika maisha yake. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 4.8. Kilichobadilika zaidi ni kwamba watoto wameacha kufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, takriban 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua na kliniki za mama na mtoto ndizo zilizowaleta vijana hawa, na hakuna mwenye akili timamu atakayelalamikia hilo.

Kuna jambo la pili, na hili huwachanganya hata viongozi. Hata uzazi ukishuka, idadi huendelea kupanda kwa muda mrefu, kwa sababu wasichana waliozaliwa kwa wingi miaka ya 1990 na 2000 sasa ndio akina mama. Kila mmoja wao anazaa watoto wachache kuliko mama yake, ila wao wenyewe ni wengi zaidi. Kati ya mwaka 2012 na 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo taifa hujirudia mara mbili katika miaka kama 22.

Wataalamu wa idadi ya watu huzungumzia wimbi la vijana, yaani hali ambapo kundi la wenye umri wa miaka 15 hadi 24, au hadi 35 kwa hesabu za kwetu, linakuwa kubwa kuliko kawaida likilinganishwa na watu wazima. Korea Kusini iliwahi kuwa na hali hiyo. Mwaka 1960 mwanamke wa kule alizaa wastani wa watoto sita, na kufikia 1980 wastani ulikuwa chini ya watatu. Kwa hiyo lilipita kundi moja kubwa, nyuma yake yakaja makundi madogo, na nchi ikapata kipindi cha wafanyakazi wengi wenye wategemezi wachache. Faida hiyo ndiyo huitwa gawio la idadi ya watu. Tanzania bado haijafika hapo. Vijana wa miaka 15 hadi 35 walikuwa asilimia 34.5 ya watu wote katika sensa ya 2022, lakini walio chini ya miaka 15 walikuwa wengi kuliko hao, zaidi ya asilimia 42. Wimbi lina nyuma na mbele. Likipita, maji hutulia. Letu halina nyuma bado. Kila kundi rika, yaani watoto waliozaliwa mwaka mmoja na wanaopanda ngazi za maisha pamoja, kwa kawaida ni kubwa kuliko lililotangulia.

Kwa ufupi:
- Vijana wameongezeka hasa kwa sababu watoto wanaishi.
- Uzazi umeshuka, lakini polepole, na akina mama ni wengi.
- Kungoja msongamano upite wenyewe si mpango, kwa kuwa nyuma yake unakuja mwingine mkubwa zaidi.

Darasa hulipwa mara moja, mwalimu hulipwa kila mwezi

Shule ndiyo mahali pa kwanza ambapo kundi rika huonekana kwa macho. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto waliofurika darasa la kwanza walihitaji sekondari miaka saba baadaye, na hapo ndipo zilipochipuka sekondari za kata. Wanafunzi wa sekondari walikuwa takriban 430,000 mwaka 2004. Mwaka 2009 walikuwa wamezidi milioni 1.4. Majengo yalipatikana kwa jasho la wananchi na mifuko ya saruji, lakini walimu wa hisabati na sayansi hawafyatuliwi kama tofali. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, takriban watahiniwa sita kati ya kumi walikuwa wamepata sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, na Mei 2013 matokeo yakapangwa upya. Aliyekuwa na daftari la uandikishaji la mwaka 2002 mkononi hakuwa na sababu kubwa ya kushtuka.

Hadithi ilijirudia kwa kiwango kikubwa zaidi mwaka 2016, pale Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Tufuate hesabu yake kwa shule moja ya kufikirika. Shule hiyo ilizoea kupokea watoto 90 wa darasa la kwanza, ambao kwa kiwango rasmi cha watoto 45 kwa chumba ni vyumba viwili. Mwaka 2016 wanakuja 135. Sasa kinahitajika chumba cha tatu, na mwalimu mkuu anaweza kusema kwamba chumba kimoja si mzigo mkubwa. Mwaka unaofuata wale 135 wanapanda la pili, na nyuma yao wanaingia 135 wengine. Chumba kilichojengwa mwaka jana tayari kina wenyewe, kinahitajika kingine. Mwaka wa tatu hivyohivyo. Hadi kundi la 2016 linafika darasa la saba, shule iliyokuwa na vyumba 14 inahitaji 21, na wazazi wanasema kwa haki kabisa kwamba kila mwaka wanajenga na kila mwaka hapatoshi. Wala hapo hatujahesabu matundu ya vyoo, madawati na maji ya kunywa.

Kundi hilo la 2016 lilimaliza darasa la saba mwaka 2022 na kugonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2023. Serikali ililijua, ikatoa shilingi bilioni 160 kujenga vyumba 8,000 vya sekondari kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka mmoja kabla yake yalikuwa yamejengwa madarasa mengine 15,000 kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO. Kwa haki, hayo ni mafanikio makubwa. Katika kata nyingi kidato cha kwanza kiliingia bila ile desturi ya kusubiri chaguo la pili hadi Machi.

Lakini chumba ni gharama ya mara moja. Vile vyumba saba vya shule yetu ya kufikirika, kwa bei ya 2022, vinagharimu shilingi milioni 140, vinazinduliwa na utepe unakatwa. Walimu saba wa kuingia humo watalipwa mishahara kila mwezi kwa miaka thelathini na zaidi, kisha pensheni. Hapo ndipo bajeti inapogoma. Kwa sababu hiyo nchi ina madarasa yasiyo na walimu wa kutosha na, mtaani, walimu wasio na madarasa. Nafasi za ualimu 14,648 zilipotangazwa, hadi usaili wa Januari 2025 walikuwa wameomba watu zaidi ya 200,000, wote wamesomea kazi hiyo.

Anayeumia si mwanafunzi dhaifu peke yake. Katika chumba cha watoto 80 au 90 mwalimu hasahihishi daftari, anapita akiangalia kama limeandikwa. Mtoto hugundua mwisho wa safari, siku ya mtihani, kwamba alikuwa akikosea tangu darasa la tatu. Cheti chake kitasema amesoma miaka kumi na moja. Mwajiri atakayempa barua aiandike ataona mengine.

Kijana wa Kalenga na heka za baba yake

Takwimu rasmi zinasema kwamba ukosefu wa ajira kwa vijana wa miaka 15 hadi 35 ulikuwa takriban asilimia 12 mwaka 2020/21. Mtu anayeishi Mwanjelwa kule Mbeya au Ipogolo kule Iringa akisikia hivyo hucheka. Takwimu si ya uongo, ila inahesabu kitu kingine. Katika nchi isiyo na posho ya wasio na kazi, kijana asiye na kitu hawezi kumudu kukaa bure. Atauza karanga, atapakia mbao, atashika pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, na kwenye dodoso atahesabiwa kuwa ana kazi. Tatizo kubwa ni ajira isiyo rasmi, yaani kazi isiyo na mkataba, isiyo na mshahara wa uhakika wala bima, na ambayo kesho inaweza isiwepo. Kiu ya kazi rasmi ilionekana mwaka 2025 pale Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596 na kupokea maombi 135,027. Ni waombaji zaidi ya 80 kwa kiti kimoja.

Wengi hujibu kwamba ardhi ipo, vijana ndio hawataki jembe. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvu kazi, na watu waliohesabiwa kuwa wazururaji wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi, kwa sababu waliondolewa mjini lakini kilichowaondoa kijijini hakikuondolewa.

Ili kukiona, tazama bonde la Ruaha Mdogo pale Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, ambako Mtwa Mkwawa alikuwa na boma lake hadi Wajerumani walipolivunja mwaka 1894. Kandokando ya mto kuna kijani mwaka mzima: nyanya, vitunguu, kabichi, mboga za majani zinazopelekwa sokoni mjini. Utawakuta vijana humo kwa wingi, na mashine zao za kuvuta maji. Kwa hiyo si kweli kwamba wanakimbia kilimo. Lakini wengi wa vijana katika mabonde kama hayo hulima kipande cha kukodi kwa msimu, kwa sababu ardhi yenye maji ni chache na ina wenyewe tayari. Ardhi ya urithi iko juu, mkavuni, inayosubiri mvua moja ya mwaka. Baba mwenye heka sita na watoto watano anaweza kumgawia kila mmoja heka moja na kidogo, na wajukuu wake hawatapata hata hiyo. Heka moja ya mahindi ya mvua italisha familia kwa miezi kadhaa. Haitajenga nyumba wala kulipa mahari.

Anayekodi naye ana hesabu yake. Kodi ya shamba hulipwa mbele, mbegu za chotara, mbolea, dawa na mafuta ya mashine vyote hulipwa kabla ya nyanya ya kwanza kuiva. Nyanya zikiiva, zimeiva kwa wote bondeni, na bei ya boksi huanguka wiki hiyohiyo. Mwenye mtaji anayamudu machungu ya msimu mmoja mbaya akilenga unaofuata. Mwenye mkopo anauza pampu. Baada ya hapo anapanda gari kwenda mjini, na huyo ndiye atakayeitwa mvivu. Halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Wazo ni zuri, ila asilimia nne ya mapato ya halmashauri ya vijijini ni kapu dogo kwa vijana wote wa wilaya, na utaratibu mzima ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya mikopo hewa na marejesho mabovu, ukarejeshwa baadaye kwa masharti mapya.

Mwanjelwa na Mashine Tatu

Sasa tufike penye hofu yenyewe. Kama wingi wa vijana ndio unaoleta vurugu, basi vurugu zingetokea kwanza mkoa unaokua haraka na zingekwepa mkoa unaokua polepole. Mbeya na Iringa zinatupa nafasi ya kulipima dai hilo. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012, Mkoa wa Mbeya, wakati huo ukijumuisha Songwe, ulikua kwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Iringa ilikua kwa asilimia 1.1 tu, miongoni mwa viwango vya chini kabisa nchini. Ukimwi uliokuwa umeipiga Iringa vibaya ulichangia, na pia tabia ya muda mrefu ya vijana wake kutafuta maisha nje ya mkoa. Enzi za mkoloni walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge, siku hizi wanakwenda Dar es Salaam. Kwa hesabu ya wingi, Iringa ilipaswa kuwa shwari.

Haikuwa hivyo. Mbeya ilianza, Novemba 2011. Nyuma yake kulikuwa na historia ya masoko kuungua: soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na Septemba 2011 likaungua la Sido ambako wafanyabiashara walikuwa wamehamia. Waliobaki bila meza walipanga bidhaa kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, ambako wateja wapo. Tarehe 11 Novemba jiji lilikwenda kuwaondoa. Mawe yakarushwa, matairi yakachomwa, barabara ikafungwa, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi na risasi, na mapambano hayakuisha siku hiyo. Yalipoa baada ya mbunge wa jiji, Joseph Mbilinyi, msanii wa hip hop anayejulikana zaidi kwa jina la Sugu, kusimama mbele ya vijana na kuzungumza nao.

Miezi kumi na minane baadaye ikawa zamu ya Iringa. Jumapili ya tarehe 19 Mei 2013, wamachinga walipanga bidhaa kwenye barabara ya Mashine Tatu, mahali walipozoea kufanyia biashara siku za Jumapili na ambapo manispaa ilikuwa imepakataza. Polisi wakaja, mji ukafuka moshi, watu kadhaa wakakamatwa, akiwemo mbunge wa Iringa Mjini, Mchungaji Peter Msigwa, wakafikishwa mahakamani.

Mikoa miwili tofauti kwa kasi ya kukua, kisa kimoja. Ukitaka kujua walichofanana, acha mkoa utazame mji. Katika ile miaka kumi Mkoa wa Iringa uliongezeka watu kwa asilimia kama 12, lakini Manispaa ya Iringa ilitoka watu 106,668 hadi 151,345, ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Jiji la Mbeya nalo lilitoka 266,422 hadi 385,279, ongezeko la zaidi ya asilimia 40 vilevile. Vijana walitoka mkavuni wakaja mjini, wengi wao mazao ya kwanza ya sekondari za kata. Mjini hawakukuta viwanda, wakajitengenezea kazi kwa mtaji mdogo kuliko wote: turubai, mtumba, ndala, chaja za simu. Halafu ikaja amri ya kuondoka hata hapo.

Tena madai yenyewe yalikuwa madogo mno. Hakuna aliyebeba bango la kupindua Serikali. Walidai mita mbili za barabara, na kule Iringa walizidai kwa siku moja ya wiki. Kijana aliyekosa ajira ya ofisi amekwisha kulimeza hilo. Anayenyang'anywa mzigo wake wa ndala amenyang'anywa mtaji wote na chakula cha leo. Ndiyo maana naona kosa kubwa katika mazungumzo yetu ni kumwita kijana wa namna hii bomu linalosubiri kulipuka. Alikuwa anasubiri wateja.

Serikali ilielewa sehemu ya somo hili, kisha ikayumba. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwenye nacho hakupaswa kubughudhiwa. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 2021, wamachinga waliondolewa barabarani karibu nchi nzima na kupelekwa maeneo maalumu. Mengine yalifaa, mengine yalikuwa mbali na wateja, na kibanda kisicho na wapita njia ni ghala tu.

Pingamizi mbili zinazostahili jibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba wingi ni nguvu: China na India zina watu wengi na zimeendelea, kwa hiyo tuzae. Septemba 2018 Rais Magufuli alisema jambo la karibu na hilo akiwa Meatu, akiwahimiza watu wasitumie uzazi wa mpango ilimradi wanafanya kazi. Kuna ukweli ndani yake. Nchi yenye watu wachache na wazee ina shida zake, na soko kubwa huvutia viwanda. Lakini China haikunufaika kwa kuongezeka tu. Ilinufaika pale uzazi ulipokuwa umeshuka, watoto wachache wakasomeshwa vizuri na kuingia viwandani. Pale ambapo kila mwaka mapato mapya ya nchi yanamalizwa na madarasa mapya, hakuna kinachobaki cha kumfanya aliyemaliza darasa apate kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema: Kenya je? Wanawake wa Kenya wanazaa wastani wa watoto 3.4, chini sana kuliko sisi, na bado Juni 2024 vijana wake waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, wakafika hadi ndani ya Bunge tarehe 25, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Ina maana kupunguza uzazi hakusaidii? Kwa maoni yangu Kenya inathibitisha hoja ya sura hii. Kundi la vijana wa Kenya halitofautiani sana na letu kwa uwiano, ila limesoma zaidi, na pengo kati ya cheti na kazi ni pana zaidi. Elimu humwongezea mtu anachotarajia na humpa lugha ya kudai. Huo si ubaya wa elimu. Ni deni ambalo elimu huacha nyuma yake.

Yakaja ya kwetu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu ambao chama kikuu cha upinzani hakikushiriki, vurugu zilizuka Dar es Salaam na katika miji mingine, Mbeya ikiwemo. Mtandao ulizimwa, watu wakapoteza maisha, na baadaye ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Madai ya siku ile yalikuwa ya kisiasa, na itakuwa dharau kusema vijana waliingia barabarani kwa sababu ya njaa tu. Hata hivyo ulinganisho na 2011 unafundisha. Kule Mwanjelwa vijana walikuwa na mbunge waliyemchagua mwaka mmoja kabla, na alipowaambia watulie walitulia. Kijana asiye na kazi ya uhakika lakini mwenye mtu wa kumsikiliza ana pa kupeleka hasira yake. Mlango wa kazi ukifungwa na wa kura ukafungwa pia, inabaki barabara.

Kundi linalofuata limekwisha andikishwa

Jambo moja la kipekee kuhusu idadi ya watu ni kwamba halihitaji utabiri mwingi. Bei ya nyanya ya mwaka kesho hakuna aijuaye, lakini anayetakiwa kuwa na miaka 18 mwaka 2040 amezaliwa tayari. Kwa mipango ya kata, wilaya na Taifa, kuna miaka mitatu ya kuandika ukutani:

- 2026: kundi lililoingia darasa la kwanza mwaka 2016 linafanya mtihani wa kidato cha nne, na wengi wao hawatapata nafasi ya kidato cha tano wala chuo.
- 2028: kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, hivyo darasa la sita na la saba la mwaka 2027 yanamaliza pamoja na kuingia sekondari Januari moja.
- 2030: kundi la 2016 linapiga kura ya urais kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2028 ndio wenye hesabu ngumu zaidi. Sekondari ya kata inayopokea wanafunzi 160 wa kidato cha kwanza, vyumba vinne vya 40, itapokea takriban 320. Vyumba vinne vya ziada vinajengeka katika miezi sita fedha zikiwepo, hilo tumeliona 2021 na 2022. Mwalimu wa fizikia hapatikani kwa miezi sita, na hata yule aliyehitimu zamani na sasa anaendesha bodaboda Uyole atahitaji kuandaliwa upya. Kwa hiyo swali la kumuuliza diwani au mkurugenzi wa halmashauri leo si kama madarasa ya 2028 yatajengwa. Ni walimu wangapi wamo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa kulipwa, ya mwaka wa fedha unaotangulia Januari hiyo. Na miaka minne baadaye, makundi hayo mawili yatatoka kidato cha nne kwa pamoja kama yalivyoingia, mkondo wao wa kwanza wa kazi ukiwa uleule wa stendi, soko na barabara. Mchoro wa soko jipya unaochorwa sasa Mbeya au Iringa ukiwa na idadi ya vizimba iliyokisiwa kwa wafanyabiashara wa leo, utakuwa mdogo kabla rangi yake haijapauka.